Shajara ya Mradi: Mende wa Mgahawa wa Kariakoo na Swali la Udhibiti Husishi wa Visumbufu

10 Februari

Kikundi chetu cha watahiniwa wa ukaguzi wa usafi kimeamua kulishughulikia swali moja tu la mtihani, na kulijibu kwa ushahidi wa jikoni badala ya kwa kukariri. Swali tumelitunga wenyewe kwa mtindo wa karatasi za mazoezi, nalo linasema hivi: «Mgahawa hupuliziwa dawa kila mwezi, lakini mende hurejea baada ya wiki chache. Eleza sababu zinazowezekana, pendekeza mpango wa udhibiti husishi wa visumbufu, kisha onesha namna utakavyothibitisha kwamba mpango huo umefaulu.»

Tumelichagua kwa sababu ndilo ambalo watahiniwa wengi hulijibu kwa orodha. Huandika «usafi, kuziba mianya, dawa, elimu kwa wafanyakazi», wakapata alama chache za mwanzo, na kupoteza zile zinazotolewa kwa maelezo. Kanuni za Jumla za Usafi wa Chakula za Kamisheni ya Kodeksi, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, zilizorekebishwa mwaka 2020, zinapanga jambo hili kwa mtiririko unaoeleweka: kwanza kuzuia visumbufu visiingie, pili kuvinyima maficho na chakula, tatu kufuatilia na kugundua, nne kuangamiza vilivyokwisha kuingia. Mtahini anayeuliza «kwa nini wanarejea» anataka kujua kama mtahiniwa anaweza kuonesha ni kiungo kipi kati ya hivyo kilichokatika katika jengo lililo mbele yake.

Mgahawa wa mfano tumeupata katika mtaa wa ndani wa Kariakoo. Ni wa mama mmoja anayeuza chai, chapati na supu asubuhi, kisha wali na maharage, samaki na ugali mchana. Tulipomwamkia na kumweleza kusudi letu alikubali, na alikubali pia jambo lililo gumu zaidi kwake, yaani kuahirisha upuliziaji wa mwezi huu mpaka tutakapokuwa tumesoma mitego. «Wanangu, mimi natoa hela kila mwezi na mende wanaongezeka,» alisema. «Mkinionesha wanakotoka, nitasubiri.»

Leo tumechora ramani ya jengo kwa mkono: jiko, kaunta ya kupakulia, sehemu ya kuoshea vyombo, stoo, choo cha wafanyakazi na uchochoro wa nyuma wenye chemba ya maji machafu. Tumetandika mitego 10 ya gundi, kila mmoja ukiwa na namba na tarehe, na kila namba imeandikwa kwenye ramani. Mtego wa gundi haukuwekwa katikati ya sakafu hata mmoja. Mende hutembea akigusisha mwili na papasi zake ukutani, kwa hiyo mtego hubanwa kwenye kona au pale ukuta unapokutana na sakafu, mdomo wake ukiwa sambamba na njia hiyo. Mtego uliowekwa mahali pa wazi ukabaki mtupu hauthibitishi lolote, na mkaguzi anayeuhesabu kama ushahidi wa usafi anajidanganya.

13 Februari

Mitego imekaa usiku tatu. Huu ndio muda tutakaoutumia kila mara, kwa kuwa hesabu za usiku mmoja haziwezi kulinganishwa na za wiki nzima.

Mtego namba 1, nyuma ya jiko la gesi, una mende 6. Namba 2, chini ya kaunta ya kupakulia, hauna kitu. Namba 3, nyuma ya friji, una 41. Namba 4, chini ya sinki, una 9. Namba 5, kando ya meza ya kukandia unga, una 1. Namba 6, stooni pembeni mwa kreti za soda na trei za mayai, una 14. Namba 7, 8 na 10 ni mitupu. Namba 9, chooni, una mende wakubwa wekundu 2.

Kabla ya kujadili namba tulitambua aina, maana hapa ndipo majibu mengi ya mtihani yanapoanza kupotea. Mende wote wa jikoni na stooni ni wadogo, wenye urefu wa milimita 12 hadi 15 wakikomaa, rangi ya kahawia iliyofifia, na mistari miwili myeusi inayokwenda sambamba kwenye ngao iliyo nyuma ya kichwa. Huyu vitabuni huitwa mende wa Kijerumani, na ndiye anayezaliana ndani ya jengo, karibu na joto, maji na chakula. Wale wawili wa chooni ni mende wa Kimarekani, mwenye urefu wa milimita 35 hadi 40, rangi nyekundu ya kahawia na ukingo wa manjano kwenye ngao. Makazi yake ya kawaida ni mifereji, makaro na chemba, naye huingia ndani kama mgeni. Mtahiniwa anayeandika «mende» tu kwa wote wawili atapendekeza dawa jikoni kwa tatizo la chemba, au atapendekeza kufunika chemba kwa tatizo la friji.

Wadogo jumla yao ni 71. Kati ya hao, 55 wametoka kwenye mitego miwili tu, wa friji na wa stoo, yaani zaidi ya robo tatu ya wote. Hilo peke yake linatosha kuonesha kwamba hatuna «mgahawa wenye mende», bali tuna mgahawa wenye maficho mawili makubwa. Kwenye mtego wa friji, 29 kati ya 41 walikuwa tunutu, yaani wachanga wasio na mbawa. Tunutu wadogo hawaendi mbali na mahali walipoanguliwa. Wanapokuwa wengi mtegoni, maficho yako karibu sana, mara nyingi hatua moja au mbili tu kutoka mtego ulipo.

Tulivuta friji mbele na kufungua kifuniko cha nyuma, umeme ukiwa umezimwa. Ndani ya sehemu ya mota kulikuwa na joto, na chini yake beseni dogo la kukingia maji yanayodondoka lilikuwa limejaa maji yenye utelezi. Kuta za ndani zilikuwa na madoa meusi kama pilipili manga iliyosagwa, ambayo ni kinyesi cha mende, pamoja na maganda waliyojivua na vifuko vitupu vya mayai. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka upande wa chini, na kwenye mkunjo wake tulikuta majike wawili, kila mmoja akiwa amebeba kifuko nyuma ya tumbo. Joto, maji na giza vilikuwa mahali pamoja, mita chache kutoka kwenye chakula.

Mtego namba 2 uliibua mjadala mrefu kuliko yote. Kaunta ya kupakulia ndiyo sehemu ambayo mpulizaji hupulizia zaidi kila mwezi, kwa sababu wateja huiona, na mtego wake ulikuwa mtupu. Mmoja wetu akasema huo ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Mimi ninausoma kwa namna nyingine. Dawa nyingi za kupulizia za jamii ya pairethroidi huwafukuza mende pale zilipoanguka, kwa hiyo mtego mtupu mahali palipopuliziwa, huku friji iliyo upande wa pili wa chumba hichohicho ikiwa na mende 41, unaonesha kwamba wamehama, haujaonesha kwamba wamekufa. Tulimuuliza dada mpishi kama friji huwa inavutwa wakati wa kupuliza. Alijibu kwamba haijawahi kuvutwa.

15 Februari

Leo hatukwenda Kariakoo. Tulikaa kuandika sehemu ya kwanza ya jibu, ile ya sababu, na ninaiweka hapa kwa kirefu kwa kuwa ndiyo yenye alama nyingi.

Sababu ya kwanza ni kifuko cha mayai. Jike wa mende mdogo hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 hivi, na hakiachi mpaka mayai yanapokaribia kuanguliwa. Kwa joto la jikoni muda huo huwa kama wiki tatu hadi nne. Ukuta wa kifuko huyakinga mayai dhidi ya dawa. Hata jike akifa kwa dawa, kifuko kilicho karibu kukomaa bado kinaweza kuangua, na wale wanaotoka hawakuwapo siku ya kupuliza. Ndiyo maana mgahawa huonekana safi wiki ya kwanza, kisha tunutu huanza kuonekana wiki ya tatu au ya nne, na mwenye mgahawa husema wamerejea. Kwa kweli hawakuwa wametoka.

Sababu ya pili ni mahali dawa inapofika. Mende mkubwa wa aina hii hujibana kwenye mwanya wa milimita 5, na tunutu aliyeanguliwa karibuni hutosha kwenye mwanya wa milimita 1 au 2. Dawa iliyopuliziwa ukutani na sakafuni haifiki huko, na katika jiko lenye mafuta ya kukaangia, tabaka la mafuta juu ya vigae hupunguza nguvu ya dawa hata pale ilipofika.

Sababu ya tatu ni usugu. Kundi linalopuliziwa dawa ya jamii ileile mwezi baada ya mwezi hubakiwa na wale wanaoihimili, nao ndio wanaozaa. Katika mtihani si sahihi kutaja usugu kwanza, kama wengi wanavyopenda kufanya. Usugu huthibitishwa kwa majaribio, na mkaguzi aliyekuta friji haijawahi kuvutwa hana haki ya kuilaumu dawa kabla ya kulaumu namna ilivyotumiwa.

Sababu ya nne ni kuingizwa upya, na hapa mtego namba 6 wa stoo bado unatungoja.

17 Februari

Leo kazi ya marekebisho imeanza, nasi tumeandika mpangilio wake kwa uangalifu kwa kuwa mtahini huuliza hatua kwa mfuatano. Mkaguzi mwenyewe hapulizi wala haweki chambo. Kazi yake ni kukagua, kueleza, kuagiza kwa maandishi na kurudi kuthibitisha. Kazi ya dawa imefanywa na mpulizaji wa siku zote, baada ya mama kumweleza kwamba safari hii hatapuliza, na baada ya sisi kuona lebo ya chambo. Kiuatilifu kinachoruhusiwa ni kile kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na lebo yake lazima iseme wazi kwamba kinafaa kutumika katika majengo ya chakula.

Usafi ulitangulia chambo, na sababu yake si ya sura tu. Chambo ni chakula chenye sumu, na mende aliyezungukwa na makombo ya chapati na matone ya mafuta hana haja nacho. Dada mpishi na vijana wake walisugua nyuma ya jiko na chini ya sinki kwa maji ya moto na sabuni, wakamwaga na kuosha beseni la friji, wakakaza bomba la sinki lililokuwa likidondoka usiku kucha. Katika maeneo yatakayowekwa chambo waliambiwa wasitumie dawa yoyote ya kupuliza ya dukani, kwa sababu mabaki yake huwafanya mende wakikatae chambo.

Swali lililotuchukulia muda ni kama mianya izibwe kabla au baada ya chambo. Vitabu husema «ziba mianya», lakini havielezi lini. Tulikubaliana kutofautisha mianya ya aina mbili. Mwanya wa kupitia, kama ule ulio kando ya bomba linalotoka jiko la jirani, huzibwa mara moja kwa saruji au silikoni. Mwanya wa maficho, kama ule ulio nyuma ya kigae kilichobanduka karibu na sinki, hutiwa chambo kwanza na kuzibwa baadaye idadi ikishashuka. Ukiuziba ukiwa umejaa, mende watatafuta njia nyingine ya kutokea, nawe hutajua tena walipo.

Chambo kilikuwa cha jeli, chenye kiambata cha fipronili, na kiliwekwa kwa nukta ndogo nyingi za milimita 3 hadi 5: ndani ya kifuniko cha mota ya friji, kwenye bawaba za makabati, chini ya ukingo wa sinki, nyuma ya kigae na kwenye pembe za rafu za stoo. Nukta nyingi ndogo hufaa kuliko donge moja, kwa sababu tunutu hatembei mbali kutafuta chakula. Hakuna nukta iliyowekwa juu ya sehemu inayogusa chakula wala mahali itakapooshwa. Faida ya jeli ambayo mtahini hupenda kuiona imeelezwa ni kwamba mende aliyekula hafi papo hapo. Hurudi mafichoni, na wenzake, hasa tunutu, hula kinyesi chake na mzoga wake, na sumu ikawafikia wale ambao hawakutoka kabisa.

Mpira wa mlango wa friji umeagizwa. Mama aliuliza kama ni lazima, kwa kuwa friji inapoza vizuri. Tulimwonesha picha ya wale majike wawili, naye akautuma ujumbe kwa fundi palepale.

6 Machi

Mitego ya tarehe 3 imesomwa leo, baada ya usiku tatu kama mwanzo, mahali palepale. Jiko lina 1, friji 7, sinki 2, meza ya unga 0, stoo 5. Jumla ya wadogo ni 15. Chooni wakubwa ni 2, kama mara ya kwanza.

Mtihani unaweza kuomba hesabu, kwa hiyo tumeiandika kikamilifu. Kiashiria ni idadi ya mende ikigawanywa kwa idadi ya mitego na idadi ya usiku. Mwanzoni kilikuwa 71 ÷ (10 × 3) = 2.37. Sasa ni 15 ÷ (10 × 3) = 0.5. Upungufu ni (71 − 15) ÷ 71, yaani asilimia 79. Lakini jibu linaloishia kwenye asilimia hiyo ni jibu pungufu. Friji imeshuka kutoka 41 hadi 7, upungufu wa asilimia 83. Stoo imeshuka kutoka 14 hadi 5, upungufu wa asilimia 64. Kiashiria cha jengo zima huficha tofauti ya chumba na chumba, na tofauti hiyo ndiyo inayomwambia mkaguzi aende wapi.

Tulikagua pia chambo chenyewe, kazi ambayo wakaguzi wengi huiacha. Nukta za kwenye friji zilikuwa zimeliwa karibu zote, na zimeongezwa. Nukta mbili za nyuma ya jiko zilikuwa zimekauka kwa joto na hazikuguswa. Zimekwanguliwa, na nyingine zimewekwa chini zaidi, mbali na moto. Kama tungekuta chambo kibichi hakijaliwa mahali penye mende wengi, tungeuliza kwanza kama kuna mtu amepuliza dawa ya dukani, kisha kama mende hao wanaukataa utamu uliomo. Makundi ya mende wadogo yanayoikataa glukosi ndani ya chambo yanajulikana tangu miaka ya 1990, na tiba yake ni kubadili chambo, si kuongeza kipimo.

20 hadi 21 Machi

Jiko 0, friji 1, sinki 0, meza ya unga 0, stoo 6. Jumla ni 7, na kiashiria ni 0.23.

Jumla imeshuka, lakini stoo imepanda kutoka 5 hadi 6, na sitaki tuifiche chini ya jumla. Kuna maelezo mawili. La kwanza ni kwamba vifuko vilivyobaki vimeangua, jambo tunalolitarajia kwa kuwa umepita mwezi tangu chambo kiwekwe. La pili ni kwamba mende wanaletwa upya. Mtihani ukiuliza utatofautishaje, jibu limo kwenye mtego: mayai yakiangua, huonekana tunutu wengi wa ukubwa mmoja, mahali pamoja; mende wakiletwa, huonekana mchanganyiko wa umri, na majike wakubwa miongoni mwao. Mtego wetu ulikuwa na tunutu wa ukubwa tofauti na majike watatu waliokomaa, mmoja akiwa na kifuko.

Ili kuthibitisha, tulimwomba mama atupe kona tupu ya uchochoro wenye paa, tukapanga kreti za soda na trei za mayai zilizoshushwa asubuhi hiyo kabla hazijaingia stooni, tukaweka mtego katikati yake na kupaka mafuta ya mgando sakafuni kuzizunguka, mende wa nje wasije wakauchafua ushahidi. Asubuhi iliyofuata mtegoni kulikuwa na mende wadogo wanne. Kreti hazikuwahi kugusa stoo, kwa hiyo mende hao wamekuja na gari.

Ugunduzi huu unaigusa sehemu ya kwanza kabisa ya udhibiti husishi, ile ya kuzuia visiingie. Tumeagiza kwa maandishi mambo yafuatayo. Kreti zipokelewe uchochoroni, zigongwe na kukaguliwa kwa tochi kabla ya kuingia. Mayai yahamishiwe kwenye trei za plastiki za mgahawa, na zile za karatasi zirudi na mwuzaji siku hiyohiyo. Maboksi ya mafuta yafunguliwe nje na yasilale ndani, maana mikunjo ya boksi ni mianya iliyokwisha kutengenezwa. Kreti zilizomo ndani zikae juu ya rafu ya chuma iliyo sentimita 15 juu ya sakafu na mbali kidogo na ukuta, ili ufagio na tochi vipite. Mama alilalamika kwamba stoo ni ndogo, na ni kweli. Tulipima pamoja, tukakubaliana kwamba kreti tupu, ambazo zilikuwa zimekula nusu ya stoo, ziondoke kila jioni.

9 Aprili

Mvua za masika zimenyesha kwa siku kadhaa mfululizo, na mama amepiga simu. «Mwanangu, dawa yenu imeisha nguvu. Mende wamejaa chooni, wakubwa, wengine wanaruka.» Alitaka mpulizaji aje jioni hiyohiyo apulize jengo zima.

Tulimwomba asifanye hivyo, kwa sababu upuliziaji wa jumla ungeharibu chambo kilichobaki jikoni. Mtego namba 9 ulikuwa na mende wakubwa 11. Mitego ya jiko na friji ilikuwa mitupu. Hii ni aina nyingine, kutoka mahali pengine, kwa sababu nyingine: maji yalijaza mfereji na chemba ya nyuma, na wakazi wake wakapanda kutafuta pakavu. Mfuniko wa chemba umepasuka pembeni, na mwanya wake unapitisha vidole viwili. Ndani ya choo kuna tundu la sakafuni la kutolea maji ambalo halitumiki. Mkunjo wa bomba lake ulipaswa kubaki na maji ya kuzuia harufu na wadudu, lakini maji hayo yalikuwa yamekauka kwa kutotumika, na njia kutoka chemba hadi chooni ilikuwa wazi kabisa.

Marekebisho hayakuhitaji dawa. Tundu limemwagiwa ndoo ya maji na kufungwa wavu wa chuma wa matundu madogo, na kijana wa usafi ameagizwa kulimwagia maji kila wiki. Mlango wa choo umewekewa mpira wa chini. Mfuniko wa chemba ni wa jengo zima, kwa hiyo notisi imependekezwa iende kwa mwenye nyumba, si kwa mama. Jambo hili la nani anawajibika kwa nini limo katika mtihani, na ni haki kuliandika: mpangaji hawezi kuadhibiwa kwa mfuniko asio na mamlaka nao, ingawa anawajibika kuripoti.

24 Aprili

Jiko 0, friji 0, sinki 0, meza ya unga 0, stoo 1, choo 1. Wa stoo ni dume mmoja aliyekomaa, bila tunutu, jambo linaloashiria mgeni wa kreti kuliko uzao wa ndani. Kipimo tulichojiwekea cha kusema kwamba eneo limedhibitiwa ni masomo mawili mfululizo bila mende mdogo hata mmoja, kwa hiyo stoo bado haijafuzu, na tumeandika hivyo kwenye fomu.

Jibu la mfano limeandikwa upya. Sehemu ya uthibitisho, iliyokuwa sentensi moja, sasa ina ramani ya mitego, jedwali la masomo manne na maelezo ya kwa nini namba 6 na namba 9 zilihitaji hatua tofauti na namba 3. Jalada la mgahawa lina ramani, lebo ya chambo, rekodi ya tarehe na mahali kilipowekwa, pamoja na daftari la mende walioonwa ambalo dada mpishi hulijaza kwa saa na mahali. Mkaguzi yeyote atakayefika ataweza kuifuatilia kazi hii bila kutuuliza.

Mpira mpya wa friji umefungwa. Kigae kilichobanduka kimezibwa, sasa ambapo nyuma yake hakuna chambo kinacholiwa. Mwenye nyumba bado hajaleta mfuniko wa chemba, na mvua zinaendelea. Mitego yote 10 imebadilishwa leo na itasomwa tarehe 27.